Baada ya arobaini: kalori na protini za mama anayenyonyesha na kurudi mazoezini

Katika nyumba nyingi za kwetu, mzazi hula vizuri kuliko wakati mwingine wowote ndani ya siku arobaini za kwanza. Kuna mtori, kuna supu ya kuku, kuna uji wenye samli na pilipili manga, na kuna mama au wifi jikoni anayeuliza kama umemaliza bakuli. Arobaini ikifika, msaidizi anafunga mizigo. Mama anaanza kujipikia, chai anainywa kwa mkono mmoja mtoto akiwa kwenye mkono wa pili, ugali anaula saa tisa ukiwa umepoa, na wiki hiyohiyo, kwa kuwa nguo za zamani hazimwingii, anaanza mazoezi. Chakula kimeshuka na matumizi yamepanda kwa wakati mmoja.

Mwongozo huu ni wa kipindi hicho, tangu wiki ya sita hivi hadi mtoto anapoanza kula. Tutapiga hesabu ya mama mmoja mwanzo hadi mwisho, nawe utaweka namba zako mahali pa zake. Yeye ana miaka 28, urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 68. Kabla ya ujauzito alikuwa na kilo 62. Mtoto ana wiki kumi na ananyonya maziwa ya mama tu. Alijifungua kwa njia ya kawaida, amepimwa kliniki na kuruhusiwa kufanya mazoezi. Anataka kutembea kwa kasi dakika 40 mara nne kwa wiki, na mara mbili kufanya mazoezi ya nguvu nyumbani kwa dakika 20: kuchuchumaa na kuinuka, kujisukuma akiwa ameegemea meza, na kuinua nyonga akiwa amelala chali.

Kalori tunazozitaja hapa ni zile ambazo kwenye pakiti za vyakula huandikwa kcal.

Hatua ya 1: Jua maziwa yanakugharimu kiasi gani

Mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto chakula kingine hutoa takriban mililita 800 za maziwa kwa siku. Kila mililita 100 zina kalori kama 67, kwa hiyo maziwa ya siku nzima yanabeba kalori 536 hivi. Lakini mwili hauwezi kutengeneza maziwa bila kupoteza kitu njiani. Katika kila kalori 100 unazotumia kwa kazi hiyo, takriban 80 ndizo zinazofika kwenye maziwa. Gawanya 536 kwa 0.8, unapata 670. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutumia kalori 675 kwa siku kama gharama ya kunyonyesha katika miezi sita ya kwanza.

Kwa mama wa kilo 68, hiyo ni zaidi ya saa nzima ya kukimbia polepole, kila siku, hata siku ambazo hajatoka mlangoni. Anayenyonyesha mapacha kwa maziwa yake peke yake, gharama hiyo inakaribia kuwa mara mbili.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwili wako bila maziwa

Kwanza tafuta kalori ambazo mwili ungetumia ukilala siku nzima bila kufanya lolote:

```
(10 × uzito kwa kilo) + (6.25 × urefu kwa sentimita) − (5 × umri) − 161
```

Kwa mama wetu ni 680 + 1,000 − 140 − 161, yaani 1,379. Tuite 1,380.

Jibu hilo lizidishe kwa kiwango cha shughuli zako za kawaida, mazoezi yakiwa bado hayamo. Mwenye dada wa kazi na anayekaa muda mwingi atumie 1.4. Anayepika, kufua na kubeba mtoto mwenyewe atumie 1.5. Anayechota maji mbali, anayesimama gengeni kutwa au kulima atumie 1.7 au zaidi. Mama wetu anajifanyia kazi za nyumbani, kwa hiyo 1,380 × 1.5 ni 2,070.

Hapa akina mama wengi hujipunja. Kukaa na mtoto mchanga kunaonekana kama kukaa tu, lakini mtoto wa kilo tano anayebembelezwa akiwa mgongoni huku unafagia na kufua nepi ni kazi inayohesabika.

Hatua ya 3: Ongeza mazoezi kwa kipimo chake halisi

Kutembea kwa kasi, ile ya kuweza kuongea lakini si kuimba, hutumia kalori takriban 3 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, juu ya zile ambazo ungetumia ukiwa umekaa. Dakika 40 kwa kilo 68 ni kalori 136. Mazoezi ya nguvu ya dakika 20 ni kama 57. Jumlisha mara nne za kutembea na mara mbili za nguvu, gawanya kwa siku saba: ni kalori 95 hivi kwa siku.

Saa ya mkononi au programu ya simu kwa matembezi yaleyale itakuonesha kama 180. Haijadanganya. Imejumlisha na kalori ambazo ungetumia hata ukiwa kwenye kochi, na hizo tumeshazihesabu katika hatua ya 2. Ukiziongeza tena unajihesabia mara mbili.

Sasa gharama kamili ya siku ya mama wetu ni 2,070 za mwili na shughuli, 675 za maziwa na 95 za mazoezi. Jumla ni 2,840.

Atakapofika kwenye kukimbia, namba ya kutumia itakuwa kalori 7 kwa kilo kwa saa badala ya 3. Nusu saa kwake itakuwa karibu 240. Lakini kukimbia kusubiri walau miezi mitatu tangu kujifungua, na aliyepasuliwa asianze kabla daktari hajakagua kidonda. Mkojo ukivuja, ukihisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, au damu nyekundu ikirudi baada ya kukauka, rudi kwenye kutembea na uende kliniki.

Hatua ya 4: Toa akiba, na uitoe mara moja tu

Mwili wa mama aliyekula vizuri wakati wa ujauzito huweka mafuta kwa ajili ya kunyonyesha. Makadirio ya kimataifa ni kwamba mama huchota kalori 170 kwa siku kutoka kwenye akiba hiyo. Kwa mwezi ni kalori 5,100, na kwa kuwa kilo moja ya akiba hiyo hutoa kama 6,500, anapungua takriban kilo 0.8 kwa mwezi bila kufanya mkakati wowote. Ndiyo maana utaona mahali pengine imeandikwa kwamba mama anayenyonyesha aongeze kalori 505 tu: ni 675 ukitoa 170. Wamarekani nao wanaandika 330, kwa sababu wao wameanza na 500 za maziwa yenyewe na kutoa 170 zilezile.

Namba hizo mbili zimeshapunguzwa tayari, na makosa makubwa tunayoyaona yanaanzia hapo. Chukua mama wetu akisoma mtandaoni "ongeza 330". Anachukua 2,070 zake, anaongeza 330, anapata 2,400. Kisha anakuta ushauri mwingine wa watu wasionyonyesha, kwamba anayetaka kupungua apunguze 500. Anabaki na 1,900, na mazoezi hayajaguswa kabisa kwenye hesabu. Yeye anaamini amepunguza 500. Gharama yake halisi ni 2,840, kwa hiyo pengo ni 940 kwa siku. Huo ni upungufu wa kilo moja kila wiki, na mwili ukipungua kwa kasi hiyo hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli.

Kwa hiyo anza na gharama kamili, 2,840, na uamue pengo moja tu.

Mama mwembamba, ambaye uzito wake ukigawanywa kwa urefu wa mita na tena kwa urefu uleule unatoa chini ya 18.5, asiwe na pengo lolote. Ale gharama kamili, na mazoezi ya jasho yasubiri hadi uzito uongezeke. Mama mwenye uzito wa kawaida anayetaka tu kurejesha nguvu aache pengo la asili la 170. Mama wetu, mwenye kilo sita juu ya uzito wake wa zamani, anaweza kufika 300 au 350. Mwenye uzito mkubwa zaidi anaweza kufika 500, yaani takriban nusu kilo kwa wiki. Tafiti za akina mama wenye uzito uliozidi, waliopungua kwa kasi hiyo kwa chakula na mazoezi, zilikuta watoto wao wakikua kama kawaida. Usivuke hapo, na kwa hali yoyote usishuke chini ya kalori 1,800 kwa siku.

Mama wetu anachagua kula 2,500. Pengo lake ni 340, ambalo kwa mwezi ni kalori 10,200, karibu kilo moja na nusu. Kilo sita zitamchukua miezi minne, na huo ni mwendo mzuri.

Hatua ya 5: Weka lengo la protini

Mililita 100 za maziwa ya mama zina protini gramu moja hivi, kwa hiyo mtoto anapokea gramu nane au tisa kwa siku. Inaonekana kidogo, lakini si protini yote ya chakula inayogeuka kuwa protini ya maziwa. Karibu nusu tu ndiyo inayofika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaongeza gramu 19 kwa siku juu ya kawaida ya gramu 0.83 kwa kila kilo. Kwa mama wetu ni 56 na 19, yaani 75. Wamarekani wanapendekeza gramu 1.3 kwa kilo, ambazo kwake ni 88. Vipimo vipya zaidi, vilivyofanywa kwa akina mama wanaonyonyesha maziwa tu, vimeashiria kwamba hata hizo huenda ni chache.

Yeye tena ana mambo mawili zaidi: anafanya mazoezi ya nguvu, na anakula chini ya gharama yake. Kwa mama wa namna hii tunashauri gramu 1.5 kwa kilo, zikihesabiwa kwa uzito anaoulenga. Kilo 62 mara 1.5 ni 93. Lengo lake la kila siku liwe kati ya gramu 90 na 100. Mwenye ugonjwa wa figo, au mwenye kisukari anayetumia insulini, afuate namba za daktari wake badala ya hizi.

Kuna jambo linalosahaulika. Protini hufanya kazi yake pale tu nishati inapotosha. Ukila gramu 95 ndani ya kalori 1,500, mwili utaichoma sehemu ya protini hiyo kama kuni, na misuli haitaipata. Kuongeza mayai huku umekata ugali wote hakukusaidii.

Igawe kwa siku. Gramu 20 hadi 30 katika kila mlo mkubwa, na milo miwili mitatu midogo katikati, hujenga misuli vizuri kuliko gramu 60 za usiku. Mlo wetu wa kawaida una kasoro hiyo hasa: asubuhi chai na mkate au andazi, protini gramu tano au sita, halafu nyama yote inangoja jioni.

Hatua ya 6: Igeuze namba kuwa sahani

Tumia kikombe cha robo lita, na kama unaweza, mizani ya jikoni kwa wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo jicho litakuwa limezoea. Hii ni siku moja ya mama wetu.

Saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kumnyonyesha mtoto, anakunywa kikombe kikubwa cha uji wa gramu 40 za unga, wenye mililita 150 za maziwa na vijiko viwili vidogo vya sukari. Hizo ni kalori 275 na protini gramu 9. Anapumzika kidogo na kwenda kutembea. Kunyonyesha kabla ya kutoka kunamfaa kwa sababu matiti yanakuwa mepesi. Sidiria ishikilie bila kukandamiza, kwani ikibana kwa muda mrefu inaweza kusababisha titi kuvimba na kuuma.

Akirudi anakula mayai mawili ya kuchemsha, gramu 200 za viazi vitamu na kikombe cha chai ambayo nusu yake ni maziwa. Kalori 425, protini 19. Saa nne hivi, konzi ya karanga, gramu 30: kalori 170, protini 8.

Mchana ni ugali wa gramu 120 za unga, kama kikombe kimoja kisichojaa sana, pamoja na dagaa wakavu gramu 30 na mchicha uliokaangwa kwa kijiko kikubwa cha mafuta. Kalori 680, protini 31. Dagaa ndio nguzo ya mlo huu. Gramu 30 za dagaa wakavu, ambazo ni kiganja kilichojaa, zina protini kama 18, sawa na mayai matatu, na ukiwala na vichwa na miiba unapata kalsiamu pia. Waloweke, wapangushe mchanga, kisha uwapike.

Saa kumi jioni, kikombe cha mtindi: kalori 155, protini 8. Usiku, wali wa gramu 80 za mchele mkavu, kikombe kisichojaa cha maharage yaliyoiva, kijiko kikubwa cha mafuta au kiasi cha tui la nazi chenye mafuta hayohayo, mboga za majani na nusu parachichi. Kalori 815, protini 25.

Jumla ni kalori 2,520 na protini gramu 100. Hakuna nyama hata kipande, na hakuna unga wa protini wa dukani. Ikipatikana samaki au nyama iliyopikwa, gramu 70 zinaweza kushika nafasi ya dagaa. Ugali na maharage vilevile ni mlo mzuri, kwa sababu protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, moja ya sehemu za protini ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na maharage yanayo kwa wingi, mradi maharage yawe kikombe kizima na si vijiko vitatu juu ya ugali.

Mitego miwili ipo jikoni mwetu. Wa kwanza ni supu. Mzazi anaambiwa anywe supu ya mifupa apate nguvu, naye anaihesabu kama nyama. Protini iko kwenye nyama yenyewe, na bakuli la supu tupu lina gramu chache mno. Kula minofu, supu iwe kinywaji. Wa pili ni mchuzi: mama anawapakulia wengine maharage na vipande, yeye anamalizia mchuzi na ukoko. Pakua sahani yako kwanza wakati sufuria bado imejaa, hata kama utaifunika na kuila baadaye.

Maji kunywa kwa kiu, na glasi kila unaponyonyesha ni utaratibu mzuri. Kujilazimisha zaidi hakuongezi maziwa. Kwenye joto la Pwani, jipime kabla na baada ya mazoezi siku moja: ukishuka nusu kilo, umepoteza karibu nusu lita ya jasho, na hiyo ndiyo ya kurudisha. Mwezi wa Ramadhani, dini imempa ruhusa mama anayenyonyesha kufungua akihofia nafsi yake au mtoto. Anayeamua kufunga apunguze mazoezi yawe matembezi mafupi baada ya futari, na asiwe na mpango wa kupungua uzito mwezi huo.

Hatua ya 7: Kagua, na ujue pa kuangalia

Watu huangalia maziwa kwanza. Wanasubiri yapungue ndipo waamini kwamba mama hali vya kutosha. Mwili haufanyi kazi hivyo. Upungufu wa wastani hauonekani kwenye maziwa kwa urahisi, kwa sababu mwili humlinda mtoto na kuitoa gharama kwa mama. Mtoto anaweza kunenepa vizuri huku mama akipoteza misuli. Dalili za mwanzo zitafute kwako.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula. Andika. Ukishuka zaidi ya kilo moja ndani ya wiki mbili, ongeza kalori 250 hadi 300 kwa siku: konzi moja zaidi ya karanga na ndizi mbivu moja zinatosha. Angalia pia kama zoezi lililokuwa jepesi wiki mbili zilizopita limekuwa zito, kama unasikia baridi wenzako wakiwa sawa, kama unapata kizunguzungu ukisimama, au usingizi unakataa hata mtoto akiwa amelala. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima kabla ya kuinuka kitandani. Yakipanda kwa kumi hivi juu ya kawaida yako kwa siku tatu au nne mfululizo, mwili haujapona mazoezi ya jana au kuna homa inakuja. Pumzika siku hizo na ule gharama kamili.

Kuna dalili moja ambayo wewe huna. Mwanamke asiyenyonyesha akila kidogo kuliko anavyotumia, mara nyingi hedhi hukatika, naye anashtuka. Kwako hedhi inaweza kuwa haipo kwa sababu ya kunyonyesha, kwa hiyo kengele hiyo haiwezi kulia. Ndiyo sababu daftari la uzito lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana.

Nywele kunyonyoka mwezi wa tatu au wa nne, kwa upande mwingine, mara nyingi ni mabadiliko ya homoni baada ya uzazi na huisha yenyewe. Kwa peke yake si ushahidi kwamba unakula kidogo. Na ukichoka na kukosa pumzi kwenye kilima kidogo ilhali kalori zimetimia na uzito haushuki haraka, pima wingi wa damu. Aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua hawezi kujaza pengo la madini ya chuma kwa ugali.

Kwa mtoto, hesabu nepi au pampasi: zilizolowa vizuri zisipungue sita kwa siku. Kwenye kadi ya kliniki, mtoto wa chini ya miezi mitatu huongezeka gramu 150 hadi 200 kwa wiki, na baadaye hadi mwezi wa sita gramu 100 hadi 150. Mstari wake ukianza kulala, acha pengo lote mara moja, rudi kwenye gharama kamili, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mpeleke apimwe. Usikisie kwamba ni mazoezi. Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa wala hayabadilishi ladha yake kiasi cha mtoto kuyakataa, na mara nyingi sababu huwa kwenye jinsi anavyoshika titi au idadi ya mara anazonyonya.

Upande wa pili upo pia. Wiki nne zikipita bila uzito kusogea, nawe ulikusudia kupungua, usiguse mayai, dagaa wala maharage. Kata kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ambacho ni kalori 120, na vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye chai za siku, ambavyo ni kama 65. Subiri wiki mbili nyingine uone.

Hatua ya 8: Mtoto akianza kula, badilisha hesabu

Mwezi wa sita mtoto anaanza uji na viazi vya kupondwa, na maziwa anayochukua yanapungua kidogo kidogo. Gharama ya kunyonyesha inashuka kutoka 675 hadi takriban 460 kwa siku, na nyongeza ya protini ya maziwa kutoka gramu 19 hadi 12.5. Mama wetu kufikia hapo ameshakaribia kilo 62, na hilo nalo linashusha hesabu ya hatua ya 2: 1,320 mara 1.5 ni 1,980. Ukiongeza 460 za maziwa na, tuseme, 150 za mazoezi yaliyokuwa yamepanda, gharama yake mpya ni 2,590.

Sasa anaweza kula 2,590 hizo bila pengo lolote na kubaki na uzito wake. Anayeendelea na sahani ya mwezi wa tatu bila kupiga hesabu upya mara chache hukosea sana, kama ulivyoona. Anayekosea ni yule anayemalizia na bakuli la mtoto kila mlo. Mabaki ya uji wenye karanga na maziwa, mara tatu kwa siku, yanaweza kufika kalori 200, na hayaandikwi kwenye daftari la mtu yeyote.